Mwandishi wa Shida na Barua ya Kichina

Bodaboda ilipoacha lami na kuanza kukipanda kilima, Nicodème aliishika bahasha kwa meno, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania chuma cha nyuma ya kiti. Nabintu alikuwa mbele yake, amebanwa kati yake na dereva.

"Papa Nico, usiitafune," alisema msichana bila kugeuka. "Njo ile moja tu tuko nayo."

Nicodème hakuweza kujibu bila kuiachia bahasha. Kwa miaka yote aliyokaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mji wa Mbarara kwake ilikuwa sehemu mbili tu: hospitali na kituo cha magari. Kote kulikobaki hakukujua. Sasa alikuwa akipanda upande wenye nyumba za vigae na nyasi zilizokatwa sawasawa kama nywele za kipaimara, akielekea shule ambamo, kwa maelezo ya Nabintu, mwanamke wa Kinyankore alikuwa akiwafundisha watoto wa Kinyankore kuongea Kichina. Nicodème alikuwa ameona mengi tangu atoke Makamba, kwao Burundi, kwa miguu, lakini hili aliliweka kwanza pembeni, mpaka alione kwa macho.

Alikuwa amevaa koti lake la kazi. Kazi yake ilikuwa kuandika. Pale Misiera, kijiji chake ndani ya Nakivale, kati ya duka la sabuni na fundi wa simu, alikuwa na meza, kiti kimoja cha mteja, na ubao ulioandikwa kwa Kifaransa, Kirundi na Kiswahili kwamba barua za aina zote zinaandikwa hapa. Aina zote zilikuwa aina moja. Mtu alikaa, Nicodème akavua kofia ya kalamu, akauliza swali lake la kwanza, lililokuwa lile lile siku zote: "Kwenu alikufa nani?"

Aliuliza kwa upole, kama daktari anavyouliza wapi panauma. Kutoka hapo barua ilijijenga yenyewe: waliokufa, waliopotea, nyumba iliyochomwa, ugonjwa usiopona, usiku usiolalika, na mwishoni ombi. Ofisi zilizopokea barua hizo zilikuwa na utaratibu wao: aliyeumia zaidi ndiye alisogea mbele. Nicodème hakuuanzisha utaratibu huo. Aliujifunza tu, kama mkulima anavyojifunza mvua, na akawa stadi. Walikuwapo watu Kanada na Australia waliokuwa wakila mkate kwa sababu yeye alijua mahali pa kuweka neno "yatima". Faili lake mwenyewe la kuhamishiwa ng'ambo lilikuwa linaendelea. Lilikuwa likiendelea kwa muda mrefu kiasi kwamba karani aliyelifungua alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao kufuga ng'ombe huko Masha.

Ndiyo maana Mariette, mama yake Nabintu, muuza dagaa na mafuta ya mawese, alipoambiwa na binti yake kwamba chuo kikuu cha China kinataka barua ya mwalimu ya kumpendekeza, hakusita. Alifunga meza yake akaja kwa Nicodème. "Ni mambo ya barua," alisema. "Na barua njo wewe." Nabintu alieleza kwamba barua hii haiandikwi na muombaji wala na jirani. Inaandikwa na mwalimu. Mwalimu wake wa Kichina, Madamu Kampire, alikuwa amekubali kuiandika, na alisema aletewe tu mambo machache ya kumkumbusha.

Mambo machache! Nicodème alikaa jioni mbili akayaandika. Yalijaza kurasa sita, na yalikuwa ndani ya bahasha aliyoishika kwa meno.

Madamu Kampire aliwapokea katika chumba cha walimu, kwenye meza iliyokuwa na kompyuta, chupa ya chai, na rundo la madaftari ya mistari ya miraba. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye sauti ya kuzoea kupita juu ya kelele. Kiswahili chake alikipata utotoni katika kambi ya jeshi, baba yake akiwa sajini. Kichina alikipata ukubwani, China kwenyewe. Na vyote viwili alivizungumza kwa mwendo wa gwaride.

"Karibu, mzee. Kaa hapo. Nabintu, wewe simama, wewe bado mtoto." Alizipokea kurasa sita, akavaa miwani, akasoma.

Nicodème alimtazama usoni. Alikuwa amezoea kuwatazama wasomaji wake. Kwenye ukurasa wa pili, kwa kawaida, macho huanza kulegea. Kwenye ukurasa wa nne watu huomba maji. Madamu Kampire alifika wa sita akiwa mkavu, akavua miwani.

"Mzee, hii ni barua ama ni matanga?"

"Madame, ni maisha yake."

"Hapana, sebo. Hii ni maisha ya watu walimutesa. Yeye iko wapi?" Alizifunua tena. "Ukurasa ya kwanza, baba amekufa. Pole sana, hata mimi najua hiyo. Ya pili, nyumba imechomwa. Ya tatu, mama iko na vidonda ya tumbo. Ya ine, presha, mama tena. Ya tano, mvua imebeba choo. Mzee, choo! Unataka mimi niambie profesa wa China habari ya choo?"

Nabintu aligeukia dirisha. Mabega yake yalitikisika, na Nicodème, aliyedhani analia, alimhurumia.

"Wao wanataka kujua nini basi?" aliuliza.

"Kama anaweza kusoma. Kama akianguka anasimama ama anabakia chini. Kama nimemufundisha mimi mwenyewe, tangu lini, na nimeona nini kwa macho yangu." Alimwelekezea kalamu. "Wewe ni jirani. Niambie kitu moja yeye anafanya. Si kitu imemufikia. Kitu anafanya."

Nicodème alifungua mdomo. Alijua mwezi ambao baba wa msichana huyu alikufa. Alijua jina la mto walioukimbilia na jina la mganga wa mguu wa mama yake. Alitafuta humo ndani kitu ambacho Nabintu alikifanya, akakuta ameshasema "Madame" mara ya pili bila kuendelea.

"Pampu," alisema Madamu Kampire.

"Pampu gani?"

"Pampu ya maji ya jua, kwenu huko. Hakukuambia? Ilikufa, fundi anafungua sanduku, ndani yote Kichina. Nabintu akasoma maneno inawaka kwa kioo, akapiga picha, akanitumia kuuliza herufi mbili tu, zingine alikuwa anajua. Akamwambia fundi: inasema maji iko chini ya kipimo, si pampu imeharibika, ni waya ya kipimo. Ikatengenezwa."

Nicodème aliikumbuka pampu ile vizuri sana. Alikuwapo kwenye foleni na dumu lake. Siku ile ile aliandika, kwa niaba ya kijiji kizima, barua ndefu kuhusu kiu. Maji yaliporudi alidhani ni barua.

Madamu Kampire aliiandika barua ya mapendekezo hapo hapo. Nicodème alisogeza kiti kuona jinsi inavyofanyika, kwa sababu hakuna fundi asiyetaka kuona karakana ya mwenzake. Madamu alibonyeza herufi za kawaida, zile zile za Kirumi, na kila alipobonyeza kidogo, safu ya alama za Kichina ilijitokeza chini, naye akachagua moja, kama mtu anayechambua maharage. Juu, kwenye karatasi yenye jina la shule, aliwaamkia waalimu waheshimiwa wa ofisi ya kupokea wanafunzi.

"Wote ni waalimu?" Nicodème aliuliza.

"Huko hata karani ya ofisi tunamwita mwalimu. Ni heshima."

Nicodème aliliweka hilo moyoni. Akafikiria makarani wa Base Camp, ofisi kuu ya Nakivale, akaona wangependa.

Barua ilitoka aya nne. Madamu Kampire aliwasomea kwa Kiswahili chake: kwamba amemfundisha Nabintu tangu alipoanza sekondari, kwamba amefaulu mtihani wa Kichina unaotambuliwa na vyuo, na cheti kimeambatishwa, habari ya pampu, kwamba anauliza maswali mpaka mwalimu anachoka, kisha anauliza tena kesho yake, kwamba toni zake za kutamka bado si nzuri, kwa sababu anaongea haraka, lakini anakubali kusahihishwa, na kwamba anafaa kuanza mwaka wa lugha na kisha uhandisi wa maji. Mwisho, maneno mawili ya kuaga kwa heshima, kila moja kwenye mstari wake. Chini kulia, jina lake, cheo chake, simu, barua pepe na tarehe. Akatia sahihi kwa kalamu.

"Umeandika kosa lake," Nicodème alisema. Alikuwa ameshtuka kweli.

"Toni? Ndiyo. Barua haina kosa hata moja, nani ataiamini?"

Walikwenda kwa mkuu wa shule kupata muhuri. Mkuu aliitazama karatasi juu chini, muhuri mkononi.

"Mimi nitajuaje kama hujaandika kwamba mimi ni mwizi?"

"Hutajua, sir," alisema Madamu Kampire. "Lakini barua yako ya Kiingereza, ile ya pili wanayotaka, Nabintu anayo tayari, na nikiandika wewe ni mwizi, nani ataiamini hiyo yako? Bonyeza tu."

Mkuu alicheka, akabonyeza.

Jioni ile Misiera, barua ya Kichina ililala juu ya kitambaa cheupe kwenye meza ya Mariette, na watu walikuja kuiona kama wanavyokuja kuona mtoto mchanga. Waliisifu. Mzee mmoja wa kanisa aliigeuza akatafuta upande ulio juu. Hakuna aliyeweza kuisoma isipokuwa mwenyewe aliyesifiwa ndani yake, naye aliona aibu kuisoma kwa sauti. Kwa hiyo ilibidi aisome Nicodème, kwa kukumbuka.

Mariette alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasubiri.

"Na babake?"

"Hayumo."

"Na nyumba?"

"Haimo."

"Aya ine tu, na moja wanamusema vibaya mutoto wangu!" Mariette aliishika kanga yake kiunoni. "Papa Nico, weye uliikala pale ukaangalia tu?"

"Mama, njo vile wanataka," Nabintu alisema.

"Wanataka vile juu hawajajua! Watajua namna gani kama hawajaambiwa?"

Usiku Nicodème aliyarudia maneno ya Mariette kichwani. Alikuwa na sheria moja aliyowafundisha wateja wake wote: ofisini, usilosema halikutokea. Na hapa palikuwa na mtoto ambaye kwa mujibu wa barua hakutokewa na kitu chochote ila kufaulu.

Kesho yake wakaenda kwenye kibanda cha intaneti. Maombi yalikuwa kwenye mtandao wa chuo, na Nabintu aliyajaza kwa utulivu, akipandisha kila karatasi kwenye kisanduku chake: hati ya kusafiria ya mkimbizi, vyeti vya shule, cheti cha Kichina, mpango wa masomo, barua ya mkuu, barua ya mwalimu. Nicodème, aliyekuwa ameleta bahasha yake kwa mazoea, alikaa pembeni akihesabu kwa macho. Visanduku vyote vikawa vimejaa isipokuwa kimoja, cha mwisho.

"Kile?"

"Nyaraka zingine, kama ziko. Sina zingine." Simu yake ikalia, mama yake alikuwa ameelemewa na gunia sokoni. "Papa Nico, nitarudi sasa hivi. Usifunge."

Hakufunga. Alikaa akikitazama kisanduku kitupu. Watu ambao hawajawahi kuishi kwa mafaili hawawezi kujua jinsi kisanduku kitupu kinavyoonekana. Ni kama jino lililong'oka katika mdomo wa bibi harusi. Maisha yake yote ya kazi hajawahi kumwacha mtu aende na kisanduku kitupu. Aliweka kurasa zake sita kwenye mashine ya skana. Akaongeza cheti cha hospitali cha Mariette, na picha ya kiwanja cha nyumba iliyochomwa. Kisha, kwa kuwa waalimu waheshimiwa wasingesoma Kiingereza chake, ambacho alijifunza kwenye fomu, alimwomba kijana mwenye kibanda ayageuze yote kuwa Kichina kwa simu, na juu, kwa herufi nzuri, akaamuru paandikwe: Nyongeza ya Barua ya Mwalimu.

Nabintu aliporudi, akitokwa jasho la gunia, alibonyeza kitufe cha kutuma. Alibonyeza kwa furaha, bila kuvitazama tena visanduku.

Jibu halikuchelewa. Hali ya maombi ilibadilika: yamerudishwa kurekebishwa. Chini yake palikuwa na mistari michache ambayo Nabintu aliisoma akiwa amesimama katikati ya soko, kisha akaisoma tena mbele ya meza ya Nicodème, mteja akiwa bado kitini.

"Wanasema: barua ya mwalimu na nyongeza yake hazimuongelei mtu mmoja. Wanasema mwanafunzi wa barua ana nguvu, wa nyongeza halali usiku. Aliyependekeza aeleze kwa maandishi kabla dirisha la maombi halijafungwa wiki hii. Na tuondoe vitu visivyohusika." Alishusha simu. "Uliweka nini mule?"

"Niliweka ukweli."

"Ukweli ya nani?"

"Kisanduku kilikuwa wazi, mwanangu."

"Kiliandikwa 'kama ziko'!"

"Kwenye fomu zetu," Nicodème alisema polepole, "'kama ziko' maana yake ni 'lete'."

Mteja, mkulima wa Kirundi aliyekuja na habari za marehemu wake, aliangalia huku na huku, akaona si wakati wake, akaondoka na kofia mkononi. Mariette alifika akiwa ameacha dagaa bila mtu. Alikuwa amejiandaa kumtetea Nicodème, kwa sababu mawazo yalikuwa yake pia, mpaka akaelezwa vizuri kilichomo.

"Uliwaambia niko na vidonda ya tumbo?"

"Ilikuwa kwenye cheti, Mama Nabintu."

"Bachina? Ulipeleka tumbo yangu China?" Alikaa kwenye kiti cha mteja. "Miye sijafika hata Kampala, tumbo yangu imefika China."

Hakuna aliyecheka, ingawa fundi wa simu wa jirani alijifanya anakohoa. Nabintu alikuwa akimtazama Nicodème kwa namna ambayo hajawahi kutazamwa na mteja. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu aliyebeba maji toka mbali, akamwona mwenzie, kwa upendo mwingi, anayamwaga ili anawe mikono.

"Kama hii inakufa," alisema, "miye nitauza dagaa. Sina mwaka ingine. Ile bourse ya kunilipia masomo ni ya mwaka huu tu."

Nicodème alivaa koti.

Safari hii kilima alikijua, Nabintu tena mbele yake, na bahasha hakuwa nayo. Madamu Kampire alikuwa ameshapata barua pepe ya chuo.

"Wananiuliza mimi," alisema kabla hawajakaa, "'Mwalimu Kampire, huyu mwanafunzi analala?' Nijibu nini? Mimi nalala naye?" Aliipiga meza. "Jina yangu iko pale chini, mzee. Simu yangu, muhuri ya shule. Wewe unaandika nyongeza ya barua yangu kama mtu anaongeza chumvi kwa sufuria ya jirani!"

"Ni kweli, Madame."

"Nani alikuambia uongeze?"

"Hakuna. Andika kwamba ni mjinga aliandika. Sitakataa."

"Siwezi andika hiyo. Wataniuliza mjinga ni nani, na alipata wapi ufunguo ya fomu." Alikaa. Akamimina chai, akasukuma kikombe kimoja kwa Nicodème na kingine kwa Nabintu, jambo ambalo katika nchi ile humaanisha kwamba kelele imekwisha ingawa kesi bado. "Sasa wewe nieleze. Si kama barua. Kama mutu. Kwa nini uliandika?"

Nicodème alieleza. Alieleza foleni, makarani, swali lake la kwanza. Alieleza kwamba huko anakotoka mtu akisema ana nguvu, faili lake linashuka chini ya rundo. Alisema hajawahi, katika miaka yote, kuombwa aandike kwamba mtu anaweza. Hakulia, na kwa mara ya kwanza hakujali kama msikilizaji analia.

Madamu Kampire aligeukia kompyuta. Alichagua alama zake muda mrefu, akafuta, akachagua tena. Kisha akawasomea.

"'Waalimu waheshimiwa. Kurasa ya nyongeza sikuandika mimi, wala mwanafunzi. Aliandika jirani yake, mzee anaandikia watu barua katika makazi ya wakimbizi. Pale, mutu anasaidiwa kufuatana na vile ameumia, kwa hivyo aliandika vile amezoea. Mambo alisema si uongo, lakini si mambo ya masomo. Mwanafunzi iko na afya nzuri, fomu ya daktari nitahakikisha inakuja pamoja na zingine. Mzee mwenyewe amesafiri kuja kuniambia kosa yake. Ni mutu mwaminifu, na anapenda huyu mwanafunzi kama mtoto yake. Naomba musome barua yangu ya kwanza peke yake. Kila neno ndani yake, mimi nasimama nayo.'"

Nabintu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kikombe. Nicodème alikohoa.

"Rudia pale pa mwaminifu."

Madamu Kampire alirudia.

"Na imeandikwa hivyo? Kwa Kichina?"

"Hapa." Alimwonyesha alama kwenye kioo. Nicodème alizisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Madame, naomba kopi."

"Ya nini, mzee?"

"Ya dosye yangu ya Base Camp."

Nabintu aliinua kichwa. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu maombi yarudishwe, na Madamu Kampire naye, na mkuu wa shule alipoingia kuuliza kuna nini, akakuta muhuri wake unatakiwa tena, na safari hii hakuuliza kama ni mwizi.

Jioni ile Nabintu aliondoa kurasa sita, tumbo la mama na kiwanja cha nyumba, akaweka barua ya maelezo, akatuma. Kisanduku cha mwisho kilibaki kitupu. Nicodème alikuwa nyuma yake, mikono mifukoni, kama mtu anayemwangalia daktari akimchoma mtoto sindano.

Walimchukua. Kwanza ikaja barua ya kukubaliwa, kisha karatasi ya kuombea viza, kisha miezi ya kwenda na kurudi Kampala. Hakuna aliyeuliza tena habari za usiku.

Siku ya kuondoka, gari la kwenda Mbarara lilisimama mbele ya maduka ya Misiera, na kanisa zima lilikuwepo na nyimbo zake. Mariette alikuwa amemfungia binti yake dagaa ndani ya mifuko mitatu, kila mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu alishajifunza kwamba kwa Wachina mambo ya nyumbani yafungwe vizuri. Kopi ya Nicodème ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza yake. Aliipeleka kwanza Base Camp. Karani mpya aliuliza inasema nini, Nicodème akamtafsiria mstari mmoja tu, karani akaandika "imepokelewa", na faili likaendelea. Lakini habari zilikuwa zimesambaa kwamba Papa Nico sasa anaandika Kichina, na foleni yake ilifika hadi kwa muuza sabuni.

Nabintu alitoka katikati ya waimbaji akaja mezani kwake.

"Papa Nico, nikifika nitakuandikia."

"Andika fupi," alisema. "Aya nne."

"Na kosa moja ndani."

"Usipoweka, sitaiamini."

Nabintu alimshika mkono kwa mikono yote miwili, kama wanavyofanya watoto wa Bukavu, kwao Kongo, kwa wakubwa wao, kisha akapanda. Mlango ulifungwa mara ya pili, kwa nguvu, ndipo ukashika.

Nicodème hakusimama kupunga mkono. Mteja alikuwa ameshakaa: mwanamume wa makamo, viganja vigumu, amekishika kiti kama kitamponyoka.

"Baba, nasikia wewe unaandika ile ya Bachina."

Nicodème alivua kofia ya kalamu. Swali lake la zamani lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno, akalizuia hapo.

"Unajua kufanya nini?"

Mtu yule alimtazama, hakuelewa. "Miye? Miye nimeteseka sana, Baba."

"Najua. Tutafika huko. Kwanza niambie unachojua kufanya."

Gari lilikuwa limeanza kupanda njia ya Kabingo, vumbi likipita juu ya migomba, na nyimbo zikabaki bila wa kuimbiwa. Mteja aliangalia viganja vyake, akavigeuza upande wa pili, akafikiri. Nicodème alisubiri, kalamu juu ya karatasi tupu, na utupu huo haukumpa raha hata kidogo.